Jimu ya Kampuni: Mwezi wa Nne Ndio Mtihani

Kikao huanza saa nne asubuhi, kwenye chumba cha mikutano chenye kiyoyozi, katika mojawapo ya majengo marefu ya Posta jijini Dar es Salaam. Mwenye studio ya mazoezi amekuja na kompyuta mpakato, vipeperushi na chupa chache za juisi ya tikitimaji. Ng'ambo ya meza wameketi meneja mkuu, ofisa rasilimali watu na mhasibu. Slaidi ya kwanza ina watu wanaocheka juu ya mikeka ya yoga. Ya pili inataja kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya mgongo. Ya tatu ndiyo iliyobeba shehena yote: kila shilingi ambayo kampuni inaiweka kwenye afya ya wafanyakazi hurudi ikiwa shilingi tatu.

Meneja anatikisa kichwa kukubali. Mhasibu anainua kalamu na kuuliza, "Dada, hizo tatu zinatoka wapi?"

Swali hilo limeshavunja vikao vingi vya aina hii, kwa sababu wengi wanaolinukuu dai hilo hawajui lilikotoka. Nalo lina historia yake, historia inayomfaa meneja anayetaka kununua uanachama wa jimu kwa ajili ya watu wake, na inayomfaa zaidi mwenye studio anayetaka mkataba wake udumu zaidi ya mwaka mmoja.

Mwaka 2010 watafiti watatu nchini Marekani, Katherine Baicker, David Cutler na Zirui Song, walikusanya tafiti zilizokuwapo kuhusu mipango ya afya kazini na kuzijumlisha. Hesabu yao ilionyesha kwamba kwa kila dola moja iliyotumika, gharama za matibabu zilishuka kwa takriban dola 3.27, na hasara ya utoro kazini ilipungua kwa dola 2.73 hivi. Tarakimu hizo zilisambaa kama moto wa kiangazi. Ziliingia kwenye vipeperushi vya jimu, kwenye mawasilisho ya kampuni za bima na kwenye hotuba za wanasiasa. Ile "tatu kwa moja" ya slaidi ni mjukuu wao.

Wasichokisimulia wauzaji ni kilichofuata. Baicker na Song walirudi kulipima jambo lilelile kwa njia iliyo kali zaidi. Badala ya kujumlisha tafiti za wengine, walikwenda kwenye kampuni moja yenye mtandao wa maduka makubwa ya jumla huko Marekani. Vituo vya kazi 160 vyenye wafanyakazi wapatao 33,000 viliingizwa kwenye bahati nasibu: vituo 20 vikapata mpango wa afya wenye masomo ya lishe, mazoezi na namna ya kupunguza msongo, na vilivyobaki vikaendelea kama kawaida. Matokeo ya miezi 18 yalichapishwa mwaka 2019. Wafanyakazi wa vituo vilivyopata mpango walisema kwa vinywa vyao kwamba wanafanya mazoezi zaidi na wanauangalia zaidi uzito wao. Lakini vipimo vya damu, shinikizo, gharama za matibabu na siku za utoro havikuonyesha tofauti ya maana kati yao na wenzao.

Huko Chuo Kikuu cha Illinois, Damon Jones, David Molitor na Julian Reif walifanya kitu cha namna hiyo kwa wafanyakazi karibu 5,000 wa chuo hicho, na baada ya mwaka wa kwanza wakakuta hali ileile: gharama hazikushuka, na watu hawakwenda jimu zaidi. Kisha wakafanya jambo la werevu. Walichukua takwimu zao wenyewe na kuzichambua kwa mtindo wa zamani, yaani kuwalinganisha waliojiunga na wasiojiunga. Papo hapo faida kubwa ikajitokeza, sawa na ile ya tafiti za miaka ya nyuma. Takwimu ni zilezile, kilichobadilika ni nani analinganishwa na nani.

Sababu yake inaeleweka hata bila hesabu. Ofisi ikitangaza jimu ya bure, wa kwanza kuandikisha jina ni yule kijana wa tehama anayekimbia Coco Beach kila Jumamosi, na yule dada wa masoko ambaye tayari analipia aerobiki kwa pesa yake. Hao walikuwa na afya njema na bili ndogo za hospitali hata kabla ya mkataba. Mzee wa stoo mwenye kilo 110, ambaye kampuni ilimlenga hasa, haandikishi jina. Mwisho wa mwaka waliojiandikisha wanaonekana wazima kuliko wasiojiandikisha, na studio inajipigia makofi kwa kazi ambayo haikuifanya.

Wala mtego huu si mgeni. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, alichapisha utafiti wake juu ya wanaume wapatao 31,000 waliofanya kazi kwenye usafiri wa umma wa London. Kwenye mabasi ya ghorofa, dereva alikaa kwenye kiti siku nzima huku kondakta akipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, ngazi zipatazo 600 kwa siku ya kazi. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua walikuwa na nafuu zaidi. Utafiti huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa sayansi ya kisasa ya mazoezi na moyo.

Lakini Morris hakuridhika na ushindi wake. Miaka mitatu baadaye, yeye na wenzake walizitazama sare za hao hao wafanyakazi, hasa vipimo vya viuno vya suruali zao, na wakaona kwamba madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta hata miongoni mwa vijana. Ikawa wazi kwamba sehemu ya tofauti ililetwa na watu wenyewe, si na ngazi tu. Tafiti nyingi za baadaye zimethibitisha kwamba mazoezi yanaulinda moyo kweli. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili.

Kwa hiyo mambo mawili yanasimama pamoja. Mazoezi humsaidia anayeyafanya. Mpango wa kampuni peke yake haumfanyi mtu ayafanye. Bidhaa halisi ambayo studio inaweza kumuuzia meneja ni mahudhurio: watu waliokuwa hawaji waje, na waendelee kuja.

*

Hapo ndipo biashara ya jimu inapokuwa na kasoro ya asili. Jimu nyingi duniani huishi kwa ada za watu wasiokuja. Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walifuatilia wanachama zaidi ya 7,700 wa jimu tatu za Marekani, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona. Waliolipa kwa mwezi walitoa zaidi ya dola 70, wakahudhuria mara 4.3 tu kwa wastani. Kila mlango waliouingia uliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali palepale kaunta iliuzwa tiketi ya kuingia mara kumi iliyofanya kila safari kuwa dola 10. Walilipa zaidi ili waje kidogo, kwa sababu siku ya kujiandikisha kila mtu humwona nafsini mwake yule mwanariadha atakayekuwa, wala si yule atakayechoka Alhamisi jioni.

Mtu binafsi akijidanganya hivyo, hasara ni yake. Kampuni ikijidanganya kwa niaba ya watu themanini, hasara inaingia kwenye bajeti na mhasibu ataiona.

Tuichukue kampuni ya mfano yenye wafanyakazi 80, ofisi iko Posta na studio iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Tarakimu zinazofuata ni za kufanyia hesabu, si bei ya studio yoyote. Mtu wa mtaani hulipa shilingi 100,000 kwa mwezi. Studio inakuja na ofa inayovutia masikio: wafanyakazi wote waingizwe kwa shilingi 45,000 kila mmoja, punguzo la zaidi ya nusu. Ankara ni shilingi 3,600,000 kila mwezi.

Mwezi wa kwanza watu 32 wanajitokeza. Fulana zimegawiwa, picha za pamoja zimepigwa, kundi la WhatsApp linachemka. Mwezi wa pili foleni, mvua na kufunga hesabu za robo mwaka vinaanza kuwapunguza. Mwezi wa nne wamebaki 14 wanaokuja kila wiki. Ankara haijapungua hata senti. Mhasibu anagawa 3,600,000 kwa 14 na kupata shilingi 257,000 na ushee kwa kila mtu, zaidi ya mara mbili na nusu ya bei ya mtaani. Lile punguzo limegeuka kuwa nyongeza.

Mwenye studio kwa miezi hiyo anafurahi, kwani analipwa kwa mikeka iliyo mitupu. Furaha yake ina tarehe ya kuisha, nayo ni siku ya kuhuisha mkataba. Ndiyo maana wenye studio waliokomaa hukiogopa kiasi kikubwa kinacholipwa kwa mahudhurio madogo. Wanajua kwamba meneja aliyechomwa mara moja hamkaribishi tena muuzaji wa mikeka, awe nani.

Ofa ya pili inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kampuni inalipa shilingi 400,000 za kudumu kila mwezi. Kwa hizo studio inaitengea madarasa mawili kwa wiki, mwalimu mmoja anayewajua watu kwa majina, na ripoti kila baada ya miezi mitatu. Zaidi ya hapo, kila anayeingia mlangoni anahesabiwa shilingi 6,000, na mtu mmoja hahesabiwi zaidi ya mara 12 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza watu 32 wakija mara sita kila mmoja, mahudhurio ni 192 na ankara ni 1,552,000. Mwezi wa nne, wale 14 waliobaki wakija mara nane kila mmoja, mahudhurio ni 112 na ankara inashuka hadi 1,072,000. Kwa kila mtu hiyo ni chini kidogo ya shilingi 77,000, na bei ya mtaani bado iko juu yake.

Mhasibu atauliza swali moja zaidi, na ana haki: je, wote themanini wakipagawa na mazoezi? Wote wakija mara 12, ankara itavuka shilingi milioni sita. Kwa hiyo mkataba unaandikwa na dari, tuseme shilingi 2,500,000 kwa mwezi, ambayo ni sawa na mahudhurio 350. Yakizidi hapo, studio inaendelea kuwapokea bila kulipwa zaidi, ila katika saa ambazo ukumbi uko wazi. Studio haipati hasara kubwa kwa hilo, kwa kuwa mkeka ulio tupu saa tano asubuhi hauingizi chochote. Na iandikwe waziwazi kama bei imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani. Shilingi 6,000 kabla ya kodi ya asilimia 18 ni shilingi 7,080 kwenye risiti ya EFD, na tofauti hiyo ikigunduliwa mwezi wa pili inaharibu uhusiano wote.

Uzuri wa ofa ya pili si unafuu tu. Chini ya ile ya kwanza, studio inanufaika watu wasipokuja. Chini ya hii, mtu asipokuja na studio inakosa. Mwalimu ana sababu ya kumpigia simu dada wa mapokezi aliyepotea wiki mbili na kumuuliza, "Dada yangu, kulikoni? Goti limepona?" Simu hiyo ya dakika moja ina thamani kuliko mabango yote ya ukutani.

Kuna pia njia ya kumfunga mfanyakazi kwa ahadi yake mwenyewe. Watafiti Heather Royer, Mark Stehr na Justin Sydnor walijaribu hivyo katika kampuni kubwa ya Marekani yenye jimu ndani ya jengo. Kwa wiki nne wafanyakazi walilipwa dola 10 kila walipoingia, hadi mara tatu kwa wiki. Mahudhurio yalipanda, kama ilivyotarajiwa, lakini malipo yalipokoma sehemu kubwa ya ongezeko hilo iliyeyuka. Hali ilikuwa tofauti kwenye kundi lililopewa nafasi ya kuweka pesa zao wenyewe kama amana, kwa masharti kwamba anayekaa zaidi ya siku 14 bila kwenda jimu anazipoteza na zinakwenda kwa wahitaji. Kundi hilo liliendelea kuhudhuria zaidi hata muda mrefu baadaye.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye upatu, hilo halishangazi. Pesa ya mtu mwenyewe ikiwa mezani, na wenzake wanajua, miguu hupata nguvu. Studio inaweza kupendekeza kwamba mfanyakazi achangie kidogo, kwa mfano shilingi 10,000 kwa mwezi, zinazorudi mfukoni mwake akihudhuria mara nne. Kiasi hicho hakimzuii mtu kujiunga, lakini kinamchuja aliyeandikisha jina kwa ajili ya fulana.

*

Baada ya bei, kinachoua mikataba hii ni saa.

Studio nyingi za mjini hujaa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mchana ukumbi uko mtupu, na hapo ndipo mwenye studio hutamani kuwaweka watu wa kampuni. Anapendekeza darasa la dakika 45 wakati wa chakula, saa saba. Meneja anakubali kwa sababu ni saa ya mapumziko, haili muda wa kazi.

Sasa mfuate mfanyakazi mmoja kwa saa ya mkononi. Dakika kumi kutembea hadi studio. Dakika tano kubadili nguo. Darasa dakika 45. Kuoga na kuvaa dakika kumi, kama bafu ziko tatu na si moja. Dakika kumi kurudi. Jumla ni dakika 80, na bado hajala. Mapumziko yake ni dakika 60. Wiki ya kwanza mkuu wa idara anatabasamu akimwona anaingia amechelewa na nywele mbichi. Wiki ya tatu hatabasamu. Wiki ya tano mfanyakazi haendi tena, na akiulizwa atasema ametingwa.

Hata darasa likikatwa hadi dakika 30, safari yote inachukua dakika 65. Hivyo studio yenye ukweli inamwambia meneja tangu kikao cha kwanza kwamba mkataba unadai nusu saa ya ziada mara mbili kwa wiki, na kwamba nusu saa hiyo iandikwe kwenye waraka wa ofisi ili mkuu wa idara asiinyang'anye. Meneja asiyekuwa tayari kuitoa asinunue darasa la mchana.

Njia nyingine ni mwalimu kuja ofisini. Viti vya chumba cha mikutano vinasukumwa ukutani, mikeka inatandikwa, na saa kumi na moja na dakika kumi jioni darasa linaanza wakati barabara ya Bagamoyo imeshaziba. Mtu ambaye angekaa dakika arobaini ndani ya gari bila kusogea anazitumia kunyoosha mgongo. Darasa liishe kabla ya saa kumi na mbili kamili, ili wanaoswali Magharibi wapate nafasi ya kutawadha na kubadili nguo. Kwa sababu hiyo hiyo, Ijumaa mchana hapawekwi kitu. Na mwezi wa Ramadhani utajwe ndani ya mkataba: ama malipo ya kudumu yanasimama, ama darasa linageuzwa kuwa la kunyoosha viungo kwa wepesi kabla ya futari. Studio iliyosahau jambo hili hutuma ankara kamili kwa mwezi ambao ukumbi ulikuwa na watu watatu.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi kwenye kikao kwa sababu mezani wengi ni wanaume. Wanawake wengi hawatafanya mazoezi ya kuruka mbele ya bosi wao. Darasa moja kati ya mawili likiwa la wanawake peke yao, lenye mwalimu wa kike na mapazia madirishani, orodha ya mahudhurio hubadilika sura. Hali kadhalika kwa madereva, walinzi na wahudumu wa usafi, ambao mara nyingi wameajiriwa na kampuni nyingine na hawahesabiwi kabisa. Dereva wa ofisi anaketi saa nyingi kama yule wa basi la London, na hana nafasi ya kuondoka kwenye gari saa saba mchana.

Mameneja wengine hujibu kwamba wao tayari wana bonanza la kila mwaka na timu ya jogging. Hoja hiyo isidharauliwe. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua utaratibu wa kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na klabu za jogging zimejaa mitaani bila mtu kulipa ada ya jimu. Anayehudhuria jogging kila wiki hahitaji studio. Bonanza ndilo lenye shida: mtu aliyekaa kitini miezi kumi na moja anaingizwa uwanjani siku moja kucheza dakika tisini, na Jumatatu anachechemea. Studio ikiwa na akili haishindani na bonanza, inaomba wiki nane za kuwaandaa wachezaji.

Usalama wenyewe huanza na karatasi moja. Kabla ya darasa la kwanza kila mtu hujaza fomu fupi ya maswali kuhusu afya. Ile inayojulikana zaidi, PAR-Q, ina maswali saba: kama daktari amewahi kumwambia ana tatizo la moyo, kama hupata maumivu ya kifua, kama huona kizunguzungu, kama ana tatizo la mifupa au viungo, kama anatumia dawa za shinikizo, na mengine ya namna hiyo. Jibu la "ndiyo" hata moja linampeleka kwanza kwa daktari. Studio inayowaruhusu watu 30 kuanza kuruka siku ya kwanza bila fomu hiyo inastahili kuoneshwa mlango.

Fomu hiyo inaleta swali la mwisho, nalo ni la hatari. Meneja atataka kujua nani anakuja na nani haji, nani ana shinikizo na nani ni mjamzito. Ataomba kwa nia njema, na studio itashawishika kumpa kwa sababu yeye ndiye mlipaji. Isimpe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Fomu hubaki kwa mwalimu. Ripoti inayokwenda ofisini hubeba hesabu tu: watu wangapi, mara ngapi, darasa lipi. Idara yenye watu watatu haitengewi mstari wake, maana kila mtu atajua ni nani. Mfanyakazi akinusa tu kwamba kilo zake zinajadiliwa kwenye kikao cha wakuu, hatokanyaga tena, na atawaambia wenzake.

Ripoti ya mwezi wa nne basi inatosha kurasa moja. Iseme ni wangapi walikuja angalau mara nne mwezi huo. Iseme ni wangapi kati yao hawakuwa wakifanya mazoezi popote kabla ya mkataba, jambo linaloulizwa siku ya kujiandikisha kwa swali moja. Tarakimu hiyo ya pili ndiyo thamani ya mkataba, kwani waliokuwa wakifanya mazoezi tayari wangeendelea bila pesa ya kampuni. Isiahidi kushusha bili ya bima, wala isizungumzie dakika 150 kana kwamba madarasa mawili ya dakika 45 yanazitimiza. Hayo ni dakika 90. Zilizobaki mfanyakazi atazipata kwa kushuka kituo kimoja kabla ya chake na kutembea.

Kuna kitu kimoja ambacho studio inaweza kukisema bila kutetereka. Katika ule utafiti wa Illinois, ambako gharama hazikushuka, wafanyakazi waliopewa mpango waliamini zaidi kwamba uongozi unajali afya yao. Meneja anayetaka hilo, na aliye tayari kulilipia kwa bei inayofuata mahudhurio, ana sababu ya kusaini.

Meneja aliye na ofa mezani wiki hii asianze na mwaka mzima. Aombe miezi minne, alipe kwa kila anayeingia, aweke dari, atoe ile nusu saa kwa maandishi, na kabla ya kusaini amuulize mwenye studio swali moja: katika kampuni ya mwisho uliyoihudumia, mwezi wa nne walikuwa wamebaki wangapi? Mwenye studio anayetunza daftari lake atajibu palepale.